Taa za Ruta: Zipi Zinaonyesha Kazi, Zipi Zinaonyesha Hitilafu

Ruta nyingi za nyumbani hazina kioo cha kuonyesha maandishi, hivyo hali yake hujulikana kwa safu ya taa ndogo zilizo mbele au juu yake. Kila taa husimamia hatua moja ya njia ambayo intaneti hupita kabla ya kufika kwenye simu au kompyuta: kwanza umeme, kisha mawasiliano kati ya laini na mnara, kisha intaneti yenyewe, na mwisho waifai inayoenea ndani ya nyumba. Taa husema ukweli kuhusu hatua yake tu. Ya waifai inaweza kuwaka vizuri kabisa wakati intaneti haipo, kwa sababu ruta imefaulu kuzungumza na simu za nyumbani ingawa imeshindwa kuzungumza na mnara.

Katika nyumba nyingi za Tarakea, kama ilivyo sehemu kubwa ya Rombo, ruta inayotumika ni ile ya kuwekewa laini ya simu. Hiyo ndiyo inayoelezwa hapa kwa kirefu. Ruta za faiba zina taa mbili za pekee, nazo zimeelezwa baadaye.

Taa na mpangilio wake

Taa ya kwanza kutazamwa ni ya umeme, iliyoandikwa Power au yenye alama ya duara lililokatwa na kijistari juu. Inatakiwa kuwaka bila kukatika. Ikiwa imezima, hakuna haja ya kutazama nyingine: tatizo liko kwenye soketi, ekstensheni, adapta au swichi ya ruta yenyewe.

Ya pili ni ya mtandao wa simu, na hapa aina za ruta hutofautiana. Katika ruta kadhaa za Huawei zinazotumia laini, kama B315 na B311, taa hiyo ni moja inayobadilika rangi. Samawati-kijani humaanisha imeunganishwa kwa 4G, bluu ni 3G, njano ni 2G, na nyekundu humaanisha haijaunganishwa na mtandao wowote. Katika ruta nyingi za TP-Link rangi haibadiliki. Badala yake kuna taa ya Internet na pembeni yake vijitaa vya kuonyesha nguvu ya mawimbi. Kijitabu kilichokuja na ruta ndicho chenye maana kamili ya rangi za aina husika, na kikiwa kimepotea, jina la aina lililobandikwa chini ya ruta linatosha kukitafuta mtandaoni kwa kutumia simu.

Ya tatu ni ya waifai, iliyoandikwa Wi-Fi au WLAN. Ya nne ni ya LAN, ambayo huwaka pale tu kompyuta au televisheni inapochomekwa kwa waya. Katika nyumba inayotumia simu pekee, taa ya LAN iliyozima ni hali ya kawaida. Hivyo hivyo kwa taa ya WPS, ambayo huwaka au kupepesa kwa muda mfupi mtu anapobonyeza kitufe chake ili kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri.

Kupepesa peke yake si hitilafu

Mzazi anayeamka saa nane usiku na kukuta taa ya waifai inapepesa wakati watoto wote wamelala hushuku mambo mawili: ama ruta inaharibika, ama jirani anakula bando. Kwa kawaida hakuna hata moja. Ruta hutangaza jina lake la waifai takriban mara 10 kila sekunde, kuna watu au hakuna. Simu zilizowekwa kando ya kitanda nazo hazilali kabisa: hupokea ujumbe, hupakia picha na kusasisha programu. Katika ruta nyingi, kupepesa haraka na bila mpangilio maalumu ni dalili ya taarifa kupita.

Taa pia haiwezi kusema ni nani anayetumia intaneti wala anatazama nini. Shaka hiyo huondolewa kwa njia nyingine. Simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani, anwani ya ruta huandikwa kwenye kivinjari. Kwa ruta nyingi za Huawei za laini ni 192.168.8.1, na kwa nyingine imeandikwa kwenye kibandiko cha chini. Ukurasa unaofunguka una orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kama nyumba ina simu tatu na televisheni moja na orodha inaonyesha vifaa saba, nenosiri limeshatoka nje. Nenosiri jipya huviondoa vyote, kisha vya nyumbani huunganishwa upya kimoja kimoja. Orodha ikilingana na vifaa vya nyumbani, taa iachwe ipepese.

Dakika tatu za mwanzo

Baada ya umeme kurudi, ruta huhitaji muda wa kuamka. Taa zote zinaweza kuwaka kwa pamoja, zikazima, kisha zikarudi moja moja. Taa ya mtandao inaweza kuwa nyekundu au kupepesa wakati ruta inasoma laini, inatafuta mnara na kujitambulisha. Katika kipindi hiki hakuna rangi inayopaswa kuhesabiwa kuwa hitilafu. Dakika tatu zinatosha kwa ruta nyingi, na kuizima na kuiwasha kila baada ya nusu dakika kwa kukosa subira huirudisha mwanzo kila mara.

Baada ya kukatika kwa umeme kwa muda mrefu, yapo mazingira ambamo dakika tatu hazitoshi. Mnara wa simu nao hutegemea umeme, na betri zake zikiisha kabla jenereta haijawashwa, mnara huzima. Ruta inaweza basi kuwa na umeme wa sola na bado ikaonyesha taa nyekundu. Njia rahisi ya kutambua hali hii ni kutazama simu yenye laini ya kampuni ileile, ndani ya nyumba ileile. Kama nayo haina mtandao, ruta haina kosa.

Taa zote zinazima na kuwaka upya

Mpangilio wa kwanza unaoonyesha hitilafu ya kweli ni huu: taa zinawaka kama kawaida, ya waifai inafika, pengine na ya mtandao inaanza kubadilika rangi, kisha zote zinazima kwa mpigo na safari inaanza upya. Hali hiyo hujirudia kila baada ya dakika moja au mbili, au hutokea kila watu wanapoanza kutazama video.

Mara nyingi chanzo chake ni adapta. Ruta iliyotulia hutumia umeme kidogo, hivyo hata adapta iliyochoka huweza kuwasha taa zake. Redio inapoanza kurusha mawimbi kwenda mnarani, mahitaji hupanda ghafla, volti hushuka, na ruta hujizima. Adapta huchoshwa na joto, umri na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kapasita zilizo ndani yake hupungua uwezo polepole, na nje hakuna kinachoonekana.

Kipimo chake ni kujaribu adapta nyingine, lakini si yoyote. Maandishi yaliyo kwenye kibandiko cha ruta hulinganishwa na yale ya adapta. Ruta nyingi za laini huhitaji volti 12 na ampea 1, ila zipo za volti 9. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, kwa kuwa ruta huchukua kiasi inachohitaji tu. Mchoro mdogo wa alama za jumlisha na kutoa, unaoonyesha ncha ya katikati ya plagi ni ipi, nao ulingane. Adapta ya king'amuzi inayoingia vizuri kwenye tundu lakini ina volti tofauti inaweza kuiua ruta iliyokuwa nzima.

Kama kwa adapta sahihi na soketi nyingine taa bado zinazima na kuwaka, hitilafu imo ndani ya ruta, na hapo fundi au muuzaji ndiye anayehusika.

Nyekundu isiyobadilika

Taa ya mtandao ikibaki nyekundu zaidi ya dakika tatu, au katika aina nyingine ikizima kabisa, wakati simu yenye laini ya kampuni hiyohiyo inapata mtandao vizuri, kinachofuata ni kuchunguza laini iliyo ndani ya ruta. Ruta huzimwa kwanza. Laini hutolewa, hufutwa kwa kitambaa kikavu na kurudishwa ikiwa imekaa sawasawa.

Sababu moja ya kawaida ni ukubwa wa laini. Tundu la ruta likiwa la laini ya ukubwa wa kati, na laini yenyewe ikiwa ndogo iliyowekwa kwenye fremu ya plastiki, laini hucheza ndani ya fremu na vidoti vyake vya shaba havigusi panapotakiwa. Ruta ikisukumwa wakati wa kufagia, taa hugeuka nyekundu bila sababu inayoonekana.

Laini hiyohiyo ikiwekwa kwenye simu hutoa jibu la haraka. Simu ikidai namba ya PIN, hiyo ndiyo sababu: ruta nayo ilikuwa ikidaiwa PIN, na taa zake haziwezi kuiuliza. PIN huondolewa kwenye mipangilio ya simu, kisha laini hurudishwa. Isibahatishwe, kwa kuwa baada ya makosa matatu laini hujifunga na kudai PUK. Simu ikionyesha kwamba hakuna huduma, laini imefungwa au haijasajiliwa ipasavyo, na hilo hushughulikiwa na kampuni ya simu. Laini ikifanya kazi vizuri kwenye simu na bado ruta ikabaki nyekundu, basi hitilafu iko kwenye tundu la laini au kwenye ruta.

Mawimbi yamejaa, intaneti hakuna

Mpangilio unaosumbua zaidi ni ule wa taa zote kuonekana nzuri huku hakuna ukurasa unaofunguka. Kwanza kabisa huangaliwa bando. Taa ya mtandao haijui salio. Bando linapoisha, ruta mara nyingi hubaki imeunganishwa na mnara kama kawaida, rangi yake haibadiliki, ila hakuna kinachopita. Watoto watasema ruta imeharibika, ilhali hakuna kilichoharibika. Salio huangaliwa kwenye ukurasa au programu ya kampuni, au kwa kuweka laini kwenye simu na kupiga menyu ya kampuni husika.

Bando likiwa lipo, Tarakea ina sababu nyingine ambayo mtu wa Dodoma au Morogoro hahitaji kuifikiria: mpaka. Ng'ambo ya mpaka kuna Illasit na juu yake Loitokitok, nchini Kenya, na mawimbi ya minara ya huko hayasimami kwenye kizuizi cha barabarani. Kila mtandao hutangaza namba yake ya utambulisho. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: 640 ni Tanzania na 639 ni Kenya.

Mfano wa nyumba moja iliyo upande wa mashariki wa mji unaonyesha jinsi jambo hili linavyotokea. Mchana taa ya ruta ilikuwa samawati-kijani. Saa kumi na mbili jioni umeme ukakatika eneo zima, na ruta ikaendelea kwa betri. Saa tatu usiku umeme umerudi, lakini mwanafunzi anayetaka kupakua maswali ya mitihani iliyopita anaambiwa na simu yake kwamba waifai haina intaneti. Taa ya umeme imetulia. Ya waifai inapepesa. Ya mtandao haiko samawati-kijani tena, lakini si nyekundu pia: ni bluu, yaani 3G, na vijistari vya mawimbi kwenye ukurasa wa ruta vimejaa. Bando limeangaliwa, limebaki nusu.

Kwenye ukurasa wa 192.168.8.1, pale panapoandikwa jina la mtandao, panasomeka Safaricom, au namba 63902. Hapo jibu limepatikana. Mnara wa nyumbani ulipozima, laini ilitafuta mtandao mwingine unaoruhusiwa kuipokea, ikaukuta wa Kenya. Mnara uliporudi, ruta haikuwa na sababu ya kuharakisha kuhama, maana ilikuwa na mawimbi mazuri. Kifaa kilichoshikwa na mtandao wa nchi nyingine kinaweza kukaa huko muda mrefu. Intaneti haipiti kwa sababu matumizi ya data nje ya nchi kwa kawaida huwa yamezimwa kwenye ruta.

Jambo la kuepuka hapa ni kuwasha kile kinachoandikwa Data roaming ili kurudisha intaneti. Taa itabaki vilevile na kurasa zitafunguka, lakini bando la ndani ya nchi huenda lisihusike, na salio likaliwa kwa bei ya mgeni. Suluhisho ni kuzima ruta kwa dakika moja na kuiwasha baada ya mnara wa nyumbani kurudi. Tatizo likijirudia, kwenye mipangilio ya mtandao wa simu utafutaji huhamishwa kutoka wa kujiendesha kwenda wa kuchagua kwa mkono, na mtandao wa Tanzania ukachaguliwa. Gharama ya uamuzi huo ni ndogo: mnara wa nyumbani ukizima tena, taa itakuwa nyekundu badala ya bluu. Nyekundu hiyo ni bora, kwa sababu inasema jambo lililo wazi.

Anayetumia Airtel anahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa jina hilo liko pande zote mbili za mpaka. Jina halitoshi, husomwa namba. Airtel ya Tanzania ni 64005 na ya Kenya ni 63903.

Kubadilisha mahali pa ruta husaidia pia. Ikiwekwa kwenye dirisha linaloelekea mnara wa nyumbani, mbali na ukuta unaoelekea mpakani, mawimbi ya Tanzania hupata nguvu na ruta hupungukiwa na sababu ya kuhama. Mabati na kuta nene za matofali hudhoofisha mawimbi kuliko watu wanavyodhani, na hatua chache kutoka chumba cha ndani hadi dirishani zinaweza kuirudisha 3G kuwa 4G.

Taa zilizoganda

Mara chache taa zote huwaka bila kupepesa hata kidogo, waifai haionekani kwenye simu, na ukurasa wa ruta haufunguki. Programu ya ndani ya ruta imekwama. Kuichomoa kwenye umeme kwa nusu dakika hutosha ikiwa ni mara moja kwa miezi. Ikitokea kila siku, hasa mchana, joto liangaliwe kwanza: ruta iliyofunikwa kitambaa cha kushona au kuwekwa juu ya king'amuzi haipumui.

Kitufe cha Reset, kile cha kwenye tundu dogo kinachobonyezwa kwa sindano, hakifanani na kuzima na kuwasha. Kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa hufuta mipangilio yote, na jina la waifai pamoja na nenosiri hurudi kuwa yale yaliyoandikwa kwenye kibandiko. Ni hatua ya mwisho. Ruta ambayo hata baada ya hapo haimalizi kuamka, taa zikiwa zimeganda katika hatua ileile, programu yake au saketi zake zimeharibika.

Ruta za faiba

Penye faiba, kama ile ya TTCL ya kuletwa hadi nyumbani, taa za laini na mnara hazipo. Mahali pake kuna PON na LOS. PON inatakiwa kuwaka bila kupepesa, dalili kwamba kifaa kimetambuliwa na mtambo wa kampuni. Ikipepesa tu bila kutulia, mwanga unafika lakini kifaa bado kinajaribu kujiandikisha.

LOS ndiyo taa ambayo kuzima kwake ndiko uzima. Ikipepesa nyekundu, mwanga unaosafiri ndani ya waya haufiki au umefifia mno. Mzazi anaweza kutazama kama kiungio cha waya mwembamba kimechomoka nyuma ya kifaa, au kama waya umekunjwa kwa kona kali au umebanwa na mguu wa meza. Zaidi ya hapo ni kazi ya kampuni. Ncha ya waya isitazamwe kwa jicho, kwa sababu mwanga wake ni wa leza na hauonekani, wala isifutwe kwa nguo.

Maelezo ya kumpa mhudumu

Anayepiga simu huduma kwa wateja na kusema tu kwamba ruta haifanyi kazi huambiwa aizime na kuiwasha. Maelezo yanayofupisha safari ni manne: aina ya ruta na namba ya laini iliyo ndani yake, rangi na hali ya taa ya mtandao dakika tatu baada ya kuwasha, jina au namba ya mtandao inayosomeka kwenye ukurasa wa ruta, na kama laini hiyo inafanya kazi ikiwekwa kwenye simu. Kwa hayo manne mhudumu huweza kutenganisha tatizo la mnara, la laini na la ruta, na mzazi hujua kama ni suala la kusubiri, la kwenda dukani kwa wakala, au la kununua adapta.